Chati ya Duka Inasema 20W-50, Kitabu cha Gari Kinasema 0W-20: Mwongozo Kamili wa Kuamua Utie Ipi

Tangu nianze kuandika mambo ya sevisi, swali hili ndilo linalonirudia zaidi ya mengine yote. Mtu amefika duka la oili hapa Malindi, kijana wa kaunta amepitisha kidole kwenye chati ya ukutani na kumtajia oili na lita. Akifika nyumbani anafungua kitabu cha gari, anakuta maneno mengine kabisa. Wengine hufuata chati kwa sababu muuzaji ni mtu wa kazi hiyo. Wengine hufuata kitabu kwa sababu ni cha kampuni. Na wote wawili hukosea, kwa kuwa wanachagua nani wa kumwamini kabla ya kujua wale wawili wametofautiana juu ya nini hasa.

Nitatumia gari moja mwanzo hadi mwisho: Toyota Probox ya petroli, ya mwaka 2012, ya mama mmoja anayebeba samaki kutoka Mayungu kuleta sokoni Malindi. Imetembea kilomita 218,000. Chati ya duka ilimwambia 20W-50, lita 4.1. Kitabu chake cha Kijapani kilianza na 0W-20, kikasema lita 3.7. Alikuja gereji na dumu la lita nne la 20W-50 mkononi, bado halijafunguliwa, akaniuliza, "Fundi, hapa nani mkweli?"

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari, hata kama ni cha Kijapani.
- Simu ya kupigia picha kibati cha gari na ule mstari wa chati uliosomewa.
- Kalamu na karatasi.
- Oili, lakini usiinunue kabla ya kumaliza hatua ya 5.
- Filta mpya na washa mpya ya nati ya kumwagia oili.
- Spana ya 14, beseni, na kitambaa safi kisichotoa nyuzi.
- Jagi lenye alama za mililita. Hili watu hulidharau, na ndilo litakalokuokoa kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Itambue injini, usitosheke na jina la gari

Fungua boneti utafute kibati cha chuma kilichopigwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Kwenye gari la mama huyu kilisomeka `DBE-NCP51V`, na sehemu ya injini `1NZ-FE`, 1496 cc. Piga picha. Nakili herufi kama zilivyo.

Sababu yake ni kwamba "Probox" si gari moja. NCP50 ina injini ya 1300, NCP51 ina ya 1500, na kuna NLP51 ambayo ni ya dizeli. Zile zenye umbo jipya kuanzia 2014 ni NCP160 na ndugu zake, nazo zina gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Mwenye duka akikuuliza "Probox ya mwaka gani?" na kuishia hapo, bado hajajua anakutafutia nini.

Angalizo: magari haya ya mtumba kutoka Ujapani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba fupi ya fremu inayoanza na `NCP51-`. Duka likitumia chati ya kwenye simu inayodai namba ya 17, muuzaji atakwama, kisha atachagua gari "linalofanana". Hapo ndipo kosa huzaliwa, na mteja haoni.

Umefaulu ikiwa una maneno mawili kwenye karatasi: namba ya modeli na namba ya injini.

## Hatua ya 2: Toa mambo matatu kwenye kitabu, kila moja peke yake

Kitabu kikiwa cha Kijapani usikitupe. Namba za oili zimeandikwa kwa herufi tunazozisoma. Nenda kurasa za mwisho, kwenye majedwali ya vipimo, utafute `0W-20`, `5W-30` na tarakimu zenye L mbele yake. Kisha andika:

Uzito. Ndizo zile namba mbili. Inayobeba W inaeleza oili inavyotiririka wakati wa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Soma orodha yote, usiishie mstari wa kwanza. Kitabu cha mama kilianza na 0W-20, kikaendelea na 5W-20, 5W-30 na 10W-30. Kwa hiyo kitabu hakikutoa jibu moja, kilitoa uwanja mzima.

Daraja. Ni herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga ubora wa oili: SL, SM, SN, SP. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Hili halihusiani na uzito hata kidogo. Oili mbili zinaweza kuwa 5W-30 zote, moja ikawa ya daraja la miaka ishirini iliyopita.

Ujazo. Hapa soma kwa makini. Jedwali huwa na kiasi cha kubadilisha oili peke yake na kiasi cha kubadilisha pamoja na filta. Kwa 1NZ-FE ni lita 3.4 bila filta na 3.7 pamoja na filta.

Kama gari lilikuja bila kitabu, tafuta kitabu cha gari jingine lenye injini hiyo hiyo. Kile cha Toyota Yaris ya soko la Marekani ya 2007, nayo ya 1NZ-FE, kimeandikwa kwa Kiingereza na kinataja 5W-30. Mimi hukitumia kama shahidi wa tatu hata pale kitabu chenyewe kipo.

## Hatua ya 3: Rudi dukani ukasome chati mwenyewe

Usiulize "niweke oili gani?" Mwombe muuzaji akuonyeshe mstari alioutumia. Sema kwa upole tu: "Ndugu, hebu nionyeshe pale ulipoona, nipige picha."

Nilikwenda na mama. Chati yenyewe ni karatasi iliyotiwa plastiki, pembeni imeingia alama za vidole vya oili hadi baadhi ya mistari haisomeki. Kijana alipitisha kidole kutoka juu, akasimama penye Toyota, akashuka hadi "Probox/Succeed, petroli". Hapakuwa na NCP51 wala 1NZ-FE. Hapakuwa na mwaka. Safu ya uzito ilisema 20W-50, na mstari huo huo ulirudiwa kwa karibu Toyota zote za petroli za juu na chini yake.

"Mama, hii ni chati ya kampuni, mimi sikuiandika," kijana alisema. Na ni kweli, hakudanganya.

Angalia mambo haya, uyaandike:

1. Je, mstari unataja injini, au jina la gari tu?
2. Je, oili ile ile imerudiwa kwa magari mengi yasiyofanana?
3. Je, duka lina oili ya uzito mwingine kwenye rafu, au ndiyo hiyo moja?
4. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, je, chati yenyewe inasema ufuate kitabu cha gari? Mara nyingi inasema.

Ukipata jibu baya kwenye la kwanza na la pili, unajua kwamba chati hiyo haikutafutiwa gari lako. Ilitafutiwa rafu ya duka.

## Hatua ya 4: Tafuta chanzo cha tofauti

Hii ndiyo hatua ambayo wasomaji wangu wengi huiruka. Tofauti ya ujazo, ya daraja na ya uzito zina sababu tofauti, na dawa yake si moja.

### Tofauti ya ujazo: 3.7 au 4.1?

Lita 4.1 haikutoka hewani. Ni kiasi cha injini ya 1NZ-FE iliyo kavu, yaani iliyofunguliwa ikasafishwa na kufungwa upya. Ukimwaga oili kwa kawaida, kuna kiasi kinachobaki ndani: kwenye njia za oili, kwenye kichwa cha silinda, kwenye pampu. Hicho hakitoki hata ukiliacha gari linadondosha kutwa. Chati ilinakili namba ya injini kavu na kuiweka kama ya sevisi.

Ukimimina 4.1 umezidisha lita 0.4. Injini haitakufa siku hiyo. Ila oili ikipanda sana, kranki huanza kuipiga inapozunguka, ikatoa povu, na povu halishiki presha kama oili. Nyingine hupitia bomba la kupumulia ikaenda kuungua, ukaona moshi wa samawati ukadhani ringi zimekwisha. Nimewahi kuletewa gari la kufungua injini, kumbe ni la kupunguza oili.

Kwa ujazo, basi, kitabu kinashinda, na kijiti cha kupimia kinakishinda hata kitabu.

### Tofauti ya daraja: SL au SP?

Hapa kitabu kinaweza kushindwa. Kitabu cha 2012 hakiwezi kutaja SP, kwa sababu daraja hilo lilianza 2020. Madaraja ya API ya petroli hupangwa ili jipya lichukue nafasi ya la zamani, kwa hiyo kitabu kikisema SL au SM na chati ikasema SN au SP, fuata chati bila wasiwasi.

Kinyume chake hakifai. Chati ikikushusha kutoka SM ya kitabu hadi SF au SG, hiyo ni oili ya zamani inayosukumwa itoke dukani.

### Tofauti ya uzito: 0W-20 au 20W-50?

Huu ndio ugomvi wenyewe. Utetezi wa chati utausikia kwa kila mtu hapa Pwani: "Kitabu ni cha Ujapani, kule kuna baridi. Huku kwetu joto, weka oili nzito."

Hoja hiyo ina tamu yake, lakini haisimami. Kwanza, majira ya joto ya Tokyo hupita nyuzi 35, na Malindi kufika hapo si kawaida. Pili, injini ina thermostati. Ikishapata moto, maji yake hukaa karibu nyuzi 80 hadi 90 iwe uko Malindi au Limuru, na oili hukaa jirani na hapo. Joto la nje haliibadilishi sana oili ya injini iliyokwisha kupata moto na ambayo mfumo wake wa kupoza ni mzima.

Joto la nje huonekana zaidi pale unapowasha asubuhi. Malindi alfajiri ni kama nyuzi 24 au 25. Kwa joto hilo 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Inachelewa kupanda juu kwenye kichwa cha silinda. Injini ya 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, inayosukumwa na presha ya oili kupitia vali ndogo yenye chujio jembamba, na kikaza cha cheni ya taimingi nacho hutegemea oili hiyo hiyo. Ndiyo maana ukitia nzito unasikia mchakacho sekunde za kwanza, taa ya oili inachelewa kuzimika, na petroli inaliwa zaidi kidogo.

Je, inaua injini? La. Nitakuwa mwongo nikisema hivyo, Malindi imejaa Probox zinazotembea na 20W-50. Lakini nyingi kati yake zilianza kutiwa nzito kwa sababu zilikuwa zinakula oili, kisha tiba ya mgonjwa ikawa chakula cha kila mtu. Oili nzito hupunguza kidogo ulaji huo. Haiziponyi ringi zilizoganda.

Upande wa pili nao una haki yake. Vitabu vya Toyota vya Kiingereza vinaeleza kwamba namba ya pili iliyo kubwa zaidi huenda ikafaa gari linalokwenda kasi sana au kubeba mzigo mzito mno. Mama anabeba samaki na barafu, hadi gari linakaa chini nyuma. Kwa kazi hiyo sipendi 20. Kwa hiyo hata kitabu, ukikisoma chote, kinanisogeza kutoka mstari wa kwanza kwenda wa tatu.

## Hatua ya 5: Amua

Nenda kwa mpangilio huu.

Kwanza, baki ndani ya orodha ya uzito ya kitabu. Chati ikitaja uzito uliomo popote kwenye orodha hiyo, hakuna ugomvi tena, chukua huo. Ikitaja uliomo nje, chati imepoteza kwenye uzito.

Pili, chagua ndani ya orodha kwa kazi ya gari. Gari jepesi la mjini lisilokula oili: 0W-20 au 5W-30. Gari la mzigo, au lililopita kilomita laki mbili: 5W-30. Likianza kula oili: 10W-30, nayo bado imo kitabuni.

Tatu, daraja liwe la kitabu au jipya zaidi.

Nne, ujazo ni wa kitabu.

Kwa mama: 5W-30, API SN au SP, lita 3.7 pamoja na filta. Si oili iliyosemwa na chati, wala si ile ya mstari wa kwanza wa kitabu. Dumu lake la 20W-50 lilikuwa bado na sili, duka likalibadilisha kwa kuongeza pesa kidogo. Ndiyo maana nilisema usinunue mapema.

Kuna tofauti mbili ambazo usizipatanishe hata kidogo. Ya kwanza ni pikipiki: klachi yake imelowa ndani ya oili ya injini, kwa hiyo kitabu kikisema JASO MA, yaani daraja la oili ya pikipiki zenye klachi kama hiyo, na chati ikakupa oili ya gari iliyowekwa viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaweza kuteleza. Waulize vijana wa bodaboda. Ya pili ni gia za CVT kama za NCP160: chati ikikupa hidroli ya kawaida ya gia za otomatiki, kataa. Huko hakuna "karibu sawa".

## Hatua ya 6: Mimina kwa kupima

1. Pasha injini kidogo, simamisha gari mahali palipo sawa. Kwenye mchanga wa uani kipimo kitadanganya. Tafuta sakafu ya zege.
2. Zima, fungua nati ya chini, acha imwagike hadi ibaki matone. Badilisha filta, paka oili mpya kidogo kwenye mpira wake. Weka washa mpya.
3. Mimina lita 3.3 kwanza, ukipima kwa jagi. Usigeuze dumu lote la lita nne. Hilo peke yake limeshapita kwa 0.3.
4. Washa dakika moja. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima gari papo hapo.
5. Zima, subiri zaidi ya dakika 5. Chomoa kijiti, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena usome.
6. Ongeza kidogo kidogo, kama mililita 100 kila mara, hadi oili iguse F, alama ya kujaa kwenye kijiti. Isipite.

Gari la mama lilifika F nikiwa nimemimina lita 3.65. Usishtuke ikitofautiana kidogo na kitabu. Inategemea ulivyosubiri imwagike.

Umefaulu ikiwa oili iko F, chini ya filta na nati pakavu, na kesho yake asubuhi injini inawaka bila mchakacho mrefu.

## Hatua ya 7: Iache injini ijibu yenyewe

Andika kilomita za siku hiyo. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hujawasha, soma kijiti mahali pale pale. Ukifika kilomita 1,000, ongeza oili kwa jagi hadi F na uandike umeongeza kiasi gani.

Toyota huweka mpaka wa lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukikaribia hapo, tatizo liko kwenye ringi au mipira ya vali, na kubishana juu ya chati kumekwisha. Ukiongeza mililita 300 au 400, jaribu 10W-30 sevisi ijayo ulinganishe. Ukiongeza chini ya 200 kwa gari la umri huu, kaa hapo ulipo.

Mama aliongeza 150. Oili iliyobaki kwenye dumu ilimtosha, nyingine akaifunga vizuri na kuiweka nyuma ya kiti. Juu ya dumu ameandika kwa kalamu nzito: NCP51, 5W-30, 3.7. Sasa akienda dukani hasomewi chati, anaweka dumu hilo juu ya kaunta.